Mchecheto wa kuimba laivu na bendi kwa mara ya kwanza: nimebakiza siku 12

BintiWaPongwe:
Habari zenu wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Naimba bongo fleva yenye mahadhi ya zouk. Nina nyimbo sita nilizorekodi, na shoo zote nilizowahi kufanya ni za pleibaki: dijei anaachia wimbo, mimi naimba juu ya sauti yangu mwenyewe. Sasa nimepata nafasi ya kuimba laivu na bendi ya watu watano kwenye hoteli moja hapa Tanga. Nyimbo nne, kama dakika 20 hivi. Zimebaki siku 12.

Jana tulifanya mazoezi ya kwanza. Wimbo wa kwanza tu, ubeti wa pili, pumzi ikakata katikati ya mstari. Sauti ikapanda juu kama ya mtoto anayelia, mikono ikaanza kutetemeka, mdomo ukakauka kabisa. Na mle ndani hapakuwa na mtu zaidi ya bendi na mke wa mpiga kinanda. Nikajiuliza, ukumbi ukijaa itakuwaje?

Naomba mnisaidie wale mliopita njia hii. Pumzi naidhibiti vipi, na hizi siku 12 nizitumie kufanya nini hasa?

Dogo Chata:
Dada pole. Dawa ni moja tu, nusu saa kabla ya kupanda kaa pembeni uvute pumzi ndefu mara 20 au 30, kifua kijae kabisa, unashikilia halafu unaachia haraka. Oksijeni ikijaa mwilini uoga unaisha. Mimi hufanya hivyo kabla ya mechi.

Mpenda Burudani:
Hoteli gani hiyo? Kiingilio bei gani? Na uhakikishe umelipwa nusu kabla ya kupanda, mapromota wa siku hizi si watu wa kuwaamini.

Mzee wa Rumba:
Binti, marahaba. Nimeimba kwenye bendi za dansi kwa miaka 26, nyingi kati ya hizo hapa Dar, na mpaka leo kabla ya wimbo wa kwanza tumbo linanizunguka. Sikwambii hivyo kukutisha. Nataka usipoteze siku zako 12 kutafuta namna ya kuufukuza mchecheto. Tafuta namna ya kuimba ukiwa nao.

Nianze na alichosema Dogo Chata, maana nusu yake ni kweli na nusu itakuangusha. Ni kweli kwamba pumzi ndiyo mlango wa kuingilia. Lakini mtu mwenye hofu tayari ana hewa nyingi kifuani. Hofu inamfanya avute vute juu juu bila kutoa yote. Ukiongeza pumzi 30 za nguvu juu ya hizo, utasikia kizunguzungu, midomo na ncha za vidole zitaingia ganzi, halafu utadhani uoga umezidi. Nilimwona kijana mmoja akikalishwa chini nyuma ya jukwaa kwa sababu hiyo hiyo.

Wewe anza kwa kutoa. Toa hewa kwa sauti ya "ssss" nyembamba, polepole, mpaka usikie tumbo limeingia ndani lenyewe. Usiivute hewa kwa nguvu. Funga mdomo, legeza tumbo, iache iingie puani yenyewe. Utaona mbavu za chini zinatanuka huku mabega yakibaki pale pale. Ukihesabu, iingie kwa nne na itoke kwa nane. Mara tano au sita, pumzika, kisha rudia. Fanya kila siku asubuhi na kabla ya kulala, ili siku ya shoo mwili uwe unaijua njia. Ukiifanya kwa mara ya kwanza siku ile ile ya shoo haitakusaidia kitu.

Sasa nikuulize. Mazoezi ya jana mliyarekodi hata kwa simu? Na wimbo ule mliupiga kwa kii ile ile ya studio?

BintiWaPongwe:
Asante sana mzee wangu. Ndiyo, nilirekodi kwa simu. Kii ni ile ile, D. Studio niliuimba vizuri tu, ingawa pale juu kwenye kibwagizo tulirudia mara nyingi.

Mzee wa Rumba:
Basi nilichokuwa nakitafuta nimekipata. Studio ulirudia mara nyingi, na jukwaani unaimba mara moja. Ukiwa na hofu shingo inakaza, koo linapanda, na noti ya juu uliyoifikia kwa shida studio inageuka kuwa ukuta. Waambie bendi wakushushie wimbo huo kutoka D mpaka C. Msikilizaji hatajua, na koo lako litapata nafasi.

La pili, weka simu yako karibu, cheza ile rekodi ya jana, na uipime kwa metronomu. Programu za bure zipo, unagonga kioo kwa kufuata mdundo nayo inakuonyesha namba ya mapigo kwa dakika. Linganisha na wimbo wa studio, halafu urudi hapa.

KijanaWaKayole:
Sasa dadangu. Mimi ni mchekeshaji, niko Nairobi, si mwimbaji, lakini hiyo kitu ya mdomo kukauka naijua sana. Maji pekee hayasaidii, unakunywa na bado ulimi unashika. Mimi huuma ncha ya ulimi kidogo kwa meno, polepole, mate yanakuja. Na nikiwa kwa steji dakika ya kwanza siongei kitu kipya. Ile sentensi yangu ya kwanza nimeisema mara mia, naweza kuisema nikiwa usingizini. Nikipita hapo, nimeshika.

Halafu mimi huangalia mtu mmoja mmoja usoni. Hiyo hunituliza.

Shangazi wa Mkunazini:
Mwanangu wa Kayole, hilo la kuangalia watu usoni kwa mchekeshaji sawa, maana nyinyi mnazungumza nao. Mwimbaji mgeni akimtazama mtu machoni, na mtu yule akamgeukia mwenzake kumnong'oneza, ubeti umeshapotea. Mimi kwenye taarabu nilifundishwa kutazama juu kidogo ya vichwa vya watu wa safu ya nyuma. Aliyekaa mbele ataona kama unamwimbia wa nyuma, na wa nyuma ataona unamwimbia yeye.

Mwanangu wa Pongwe, mie nakupa moja katika yetu ya Unguja. Taarabu yetu ya asili haianzi na mwimbaji. Huanza na bashrafu, ala tupu: fidla, ganuni, akodiani, kila mmoja anasikilizana na mwenzake. Mwimbaji amekaa zake, anasikiliza, na pumzi yake inafuata ule muziki. Akija kusimama, ukumbi umeshatulia na yeye ametulia. Waombe bendi yako wapige kipande kimoja cha ala kwanza, dakika tatu nne, wewe ukiwa pembeni ya jukwaa na si chumbani. Chumbani ndiko hofu inakokuzwa.

Na jengine. Kwetu watu huja kumtunza mwimbaji, wanakuja mpaka mbele wanampa pesa mkononi. Mara ya kwanza kutunzwa nilisahau mstari wote, kwa sababu mkono uliokuja ulinikata pumzi. Tanga kuna watu wa taarabu wengi, watakuja kukutunza hata ukiimba zouk. Jizoeze nyumbani: unaimba, mtu anakuja anakupa karatasi, unaipokea, unashukuru kwa kichwa, na mstari haukatiki.

BintiWaPongwe:
Shangazi, hilo la kutunzwa sikuliwaza kabisa. Usiku huu mdogo wangu ananitunza kwa kurasa za daftari.

Mzee wa Rumba, nimepima. Studio wimbo uko 92. Mazoezi ya jana tulianza 94, na kufika ubeti wa pili ulikuwa 103!

Mzee wa Rumba:
Umeona? Pumzi yako haina ugonjwa. Ule mstari uliuandikia pumzi moja kwa mwendo wa 92. Kwa 103 maneno yanasukumana, sehemu ya kuvuta hewa inafinyika, unavuta kidogo, mstari unaofuata unaanza na deni. Mistari minne baadaye umekatika. Uoga wako ulimsukuma mpiga drami, naye akakusukuma wewe. Kwenye pleibaki hili halitokei kwa sababu biti haimwogopi mtu.

Dawa yake haiko kooni. Mpiga drami awe na metronomu sikioni mwake, hata kwa simu na spika moja ya sikioni, mpaka wimbo wa kwanza uishe. Na wewe ndiye uhesabu wa kuanzia. Kabla ya kuhesabu imba kibwagizo kimya kimya kichwani, mstari mmoja, upate mwendo wake halisi. Kisha hesabu.

Mpiga Besi Arusha:
Naunga mkono, ila naongeza mpangilio. Wimbo wa kwanza usiwe ule maarufu wala ule wenye noti ya juu. Weka ule ambao sauti inakaa katikati na mistari mifupi. Mgumu uwe wa tatu. Na mkubaliane ishara. Kwenye bendi yetu mwimbaji akikunja ngumi usawa wa kiuno, wote tunarudi kwenye kibwagizo. Akizungusha kidole, tunazunguka hapo hapo mpaka atoe ishara nyingine. Mkiwa na ishara mbili hizo, kusahau maneno si msiba tena.

Dogo Chata:
Nimekubali kuhusu pumzi, nimejaribu ile ya kutoa kwanza na nimeona tofauti. Lakini kuna kidonge wanamuziki wa Ulaya wanatumia, propranolol, wale wapiga fidla wa okestra. Moyo haudundi kabisa na mikono haitetemeki. Famasi kipo. Si ameze tu nusu saa kabla?

Bia Mbili Tu:
Kidonge cha nini wakati konyagi ndogo ipo. Tumepanda majukwaa mangapi hivyo.

Muuguzi wa Moro:
Naomba tusimame hapa kidogo. Propranolol ni dawa ya kweli na ni kweli baadhi ya wanamuziki hupewa. Inapunguza mapigo ya moyo na kutetemeka. Lakini ni dawa ya cheti cha daktari, si ya kununua kienyeji, na kwa mtu mwenye pumu inaweza kubana njia za hewa kwa namna ya hatari. Dada, una pumu, au uliwahi kuwa nayo utotoni?

BintiWaPongwe:
Ninayo dada. Si kali, lakini ninatembea na pampu. Na kabla ya mazoezi ya jana nilipuliza mara mbili kwa sababu nilisikia kifua kizito.

Muuguzi wa Moro:
Nimefurahi umesema. Kwanza, kidonge hicho usikiguse. Pili, kama pampu yako ni salbutamol, ile ya bluu, yenyewe hufanya mikono itetemeke na moyo uende mbio kwa muda baada ya kupuliza. Kwa hiyo huenda sehemu ya kutetemeka kwako jana ilikuwa dawa, na wewe ukaihesabu yote kuwa uoga. Ukishajua hivyo, mikono ikitetemeka huogopi mara mbili.

Simaanishi usitumie pampu. Kifua kikibana, tumia, na siku ya shoo iwe mfukoni au kwa mtu aliye hatua mbili kutoka jukwaani. Ila nenda kliniki wiki hii wakusikilize kifua, uwaulize uitumie vipi siku kama hiyo. Ukisikia mluzi unapotoa hewa, au kikohozi kisichoisha, hiyo ni pumu na haitatulizwa na kuhesabu pumzi. Hofu mara nyingi hubana koo na kifua kwa juu, haina mluzi, na huanza kulegea ukitoa hewa polepole. Lakini zinaweza kuja pamoja, ndiyo maana nasema uonwe.

Mzee wa Rumba:
Kuhusu konyagi, nitasema langu kwa sababu lilinigharimu. Mwaka wangu wa tatu nilikuwa nakunywa kidogo kabla ya kupanda. Nilijisikia mwepesi, nikaamini naimba kuliko wote. Siku moja mtu akarekodi kwa kaseti, nikasikiliza. Nilikuwa nimeshuka kii karibu nyimbo zote, na maneno yanateleza. Pombe hainiondolei hofu tu, inaniondolea na sikio. Tangu siku ile sinywi mpaka vyombo vifungwe.

Mwanafunzi wa Mlimani:
Samahani kuingilia, mimi si mwanamuziki, nasoma saikolojia. Kuna utafiti wa Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard, ulitoka 2014. Watu waliambiwa waimbe karaoke mbele ya mtu, na kabla ya kuimba wengine waliambiwa waseme kwa sauti kwamba wana hofu, wengine kwamba wana hamu. Waliosema wana hamu waliimba kwa usahihi zaidi, na kilichopima ni mashine ya karaoke. Mapigo ya moyo hayakushuka kwa kusema hivyo. Kilichobadilika ni jina walilolipa lile joto la mwilini.

Shangazi wa Mkunazini:
Mie siyajui ya Harvard, lakini bibi aliyenifundisha alikuwa akituuliza "mna hamu?" na tulikuwa tukiitikia tuna hamu, hata kama magoti yanagongana.

Mpiga Besi Arusha:
Kuhusu kusahau maneno, asijione yuko peke yake. Barbra Streisand alisahau maneno mbele ya umati pale Central Park, New York, mwaka 1967, na kwa miaka mingi hakufanya ziara za matamasha. Aliporudi miaka ya 90 aliwekewa skrini zenye maneno. Kwa hiyo karatasi chini ya monita, ile spika inayomwelekea mwimbaji ajisikie, si aibu. Andika neno la kwanza la kila ubeti tu, herufi kubwa, kalamu ya wino mzito. Ukiandika wimbo mzima utaanza kusoma, na macho hayatatoka sakafuni.

Mzee wa Rumba:
Hapo tunatofautiana, ndugu yangu. Karatasi ikiwepo kichwa kinaitegemea, na taa zikikuwakia usoni huioni. Mimi namtaka ayashike maneno bila biti. Aanzie ubeti wa pili akiwa anaosha vyombo, au anapanda daladala. Mwenye kuweza kuanzia katikati hapotei.

Mpiga Besi Arusha:
Afanye yote mawili, mzee.

Mpenda Burudani:
Na chakula je? Mimi nasikia waimbaji hawali siku nzima.

Shangazi wa Mkunazini:
Mimi sili kitu baada ya adhuhuri.

Mzee wa Rumba:
Mimi nakula wali na samaki masaa matatu kabla ya shoo, kisha ndizi moja. Tumbo tupu linanitetemesha. Kila mtu ajue lake, ila alijue kwenye mazoezi, asilijue siku ya shoo.

BintiWaPongwe *(siku nne baadaye):*
Mrejesho wa mazoezi. Tumeshusha mpaka C. Drami ana metronomu, wimbo umebaki 92 mpaka mwisho, na ule mstari wa ubeti wa pili umetoka wote. Sikuamini, nilidhani nimepungukiwa pumzi kumbe nilikuwa nakimbizwa. Kliniki nimekwenda, wamenisikiliza na kunielekeza kuhusu pampu. Mazoezi ya mwisho tumewaita majirani wanane waje wakae mbele, na watoto wao.

Fundi Mitambo:
Nimechelewa uzi huu lakini naomba nisikilizwe. Waimbaji wengi wageni wanaogopa kwa sababu hawajisikii. Kwenye pleibaki sauti yako ipo tu. Kwenye laivu, monita ikiwa ndogo hujisikii, unapiga kelele, koo linakauka, unadhani ni uoga. Fika mapema kwenye saundicheki, na usiseme "halo halo, moja mbili" kwa sauti ya kunong'ona. Imba kibwagizo kwa nguvu zile zile utakazoimba usiku. Mwambie fundi: sauti yangu na kinanda kwenye monita, drami usiniwekee, ninaisikia yenyewe. Maiki iwe karibu na mdomo, vidole viwili, na usiielekeze kwenye monita hata siku moja, italia.

BintiWaPongwe *(Jumapili, saa tano asubuhi):*
Wakuu, nimeimba.

Naeleza kama ilivyokuwa. Saa kumi na mbili jioni saundicheki, nikamwambia fundi maneno yale yale. Nilikula saa kumi, wali kidogo. Bendi walianza na ala tupu kama shangazi alivyosema, mimi nimesimama pembeni karibu na spika, natoa hewa kwa "ssss". Moyo ulikuwa unadunda, sitaki kudanganya, nauona hadi kwenye gauni. Nikasema kwa sauti "nina hamu". Mpiga gitaa akanigeukia, akasema "hata mimi".

Wimbo wa kwanza miguu ilitetemeka mpaka kibwagizo cha pili. Niliihisi ikiacha, kama mtu aliyeweka mzigo chini. Wimbo wa pili mama mmoja akaja kunitunza, noti ya elfu tano, nikaipokea na mstari haukukatika. Wa tatu, ule mgumu, nikapotea. Ubeti wa tatu ulifutika wote kichwani. Karatasi sikuiona kwa sababu ya taa, mzee alisema kweli. Nikakunja ngumi, bendi nzima ikarudi kwenye kibwagizo, watu wakaimba nacho. Hakuna aliyejua isipokuwa sisi sita.

Kilichobaki na sijakielewa: baada ya shoo sikulala mpaka saa kumi usiku. Mwili ulikuwa bado jukwaani. Na leo sauti imekwaruza kidogo. Hii nayo ina dawa?

Shangazi wa Mkunazini:
Mwanangu, hongera. Leo usiongee sana, wala usinong'one, kunong'ona kunalichosha koo. Kunywa maji. Kesho jioni sauti haijarudi, niambie. Na huo usingizi, mie miaka yote hii bado unanikimbia usiku wa shoo. Nakaa barazani mpaka adhana ya alfajiri.

Mzee wa Rumba:
Hongera binti. Mlirekodi? Ukipata nguvu pima ule wimbo wa tatu pale kabla ya kupotea. Nadhani utakuta mwendo ulikuwa umepanda tena.

BintiWaPongwe:
Nimepima sasa hivi. Drami alivua metronomu baada ya wimbo wa kwanza. Ulikuwa 99.